Mzigo Umefika Ikinga

Imelda alipokuwa mdogo, mizigo ya baba yake ilikuja na harufu. Mzee Yesaya alikuwa akichimba shaba Kitwe, ng'ambo ya mpaka nchini Zambia, na kila alipopata mtu wa kumwamini alimkabidhi furushi la kupeleka nyumbani Mbozi. Furushi lilifunguliwa sebuleni, watoto wamelizunguka, na kabla hawajaona kilichomo, harufu ilikuwa imekwisha kuwafikia: sabuni ya kipande, nguo mpya zisizowahi kuguswa na maji, na kitu kingine kama moshi wa makaa ya mawe, ambacho Imelda hakuwahi kukinusa tena mahali popote.

Mafurushi mengine hayakufika. Baba aliyatuma, mama aliyangojea, na katikati palikuwa na watu wenye midomo mitamu. Aliyeaminika mpaka mwisho alikuwa mtu mmoja tu, Nikodemo, utingo wa malori. Yeye hakuacha mzigo kwa jirani hata siku moja. Alipanda mwenyewe mpaka nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akangoja mama afungue mbele yake. Kisha alisema, "Haya shemeji, nipe neno la kumpelekea." Mama alimpa habari ambayo mtu baki asingeweza kuitunga: kwamba ng'ombe mwekundu amezaa ndama mwenye baka usoni, au kwamba mtoto wa mwisho amemwita paka kwa jina la shangazi. Baba, akiisikia kule Kitwe, alijua mzigo umefika.

Wazazi wake wote wawili walikwisha kutangulia mbele ya haki. Imelda sasa alikuwa mama mtu mzima mwenye duka Tunduma, mtaa wa Majengo, la magodoro, mablanketi, vyombo na taa za sola. Barabarani malori ya kuelekea Zambia yalipanga foleni mchana kutwa, na dukani lugha zilipishana, huyu Kinyamwanga, yule Kibemba, mwingine Kiswahili cha Tanga. Lakini wateja waliolishikilia duka lake hawakuwa wale waliopita mlangoni. Walikuwa watu wa mbali: manesi walioko Uingereza, madereva walioko Afrika Kusini, binti mmoja wa Msangano aliyeolewa Oman. Hao walimwandikia kwenye simu: mpelekee mama godoro, mpelekee babu blanketi, wapelekee wadogo zangu sukari na mchele wa sikukuu.

Hakuna kati yao aliyeanza kwa kumwamini. Wengi walikwisha kuumwa na nyoka, wakiona ung'ongo wanashtuka. Kwa hiyo Imelda alijiwekea utaratibu. Alipiga picha mzigo ukiwa dukani, juu yake karatasi yenye jina la mpokeaji na tarehe. Akaupiga tena ukiwa juu ya gari. Mzigo ulipofika, alianza kurekodi video akiwa nje, nyumba ikionekana, akaingia mlangoni bila kukata, mpaka kwa mpokeaji mwenyewe, naye akataja jina lake na aliyemtumia, kisha akafungua. Mwisho mpokeaji alitia saini au dole gumba kwenye hati ya kupokelea. Mteja alilipa nusu mwanzoni, na nusu iliyobaki baada ya kuona. Tena Imelda hakuweka video ya mtu kwenye matangazo yake kabla ya kumwomba ruhusa. Sura ya mtu, alisema, ni mali yake.

Msafirishaji wake alikuwa Bashiri, mtu wa Tanga aliyekuja Tunduma kijana na kuota mizizi. Alikuwa na gari dogo la mizigo, kirikuu ya buluu aliyoitunza kama yai, na palipowezekana Imelda alisafiri naye, kwa sababu kazi ya kushuhudia hakupenda kumwachia mtu.

Mwaka huo, mvua za masika zilipokuwa zinaelekea ukingoni, akaandikiwa na mtu aitwaye Aliko. Alikuwa mzaliwa wa Ikinga, kule milimani Ileje, naye alifanya kazi ya kufungasha mboga kiwandani katika mji wa Leicester, Uingereza. Aliondoka nyumbani kijana mbichi, na mambo ya vibali yakamzuia kurudi mpaka mvi zikaanza kumwota. Alitaka mama yake apelekewe godoro, blanketi zito na taa ya sola. Sauti aliyomtumia Imelda ilikuwa ya mpole, lakini ya mtu aliyechoka.

"Dada, nikueleze mapema," alisema. "Nilishawahi kutuma fedha za mabati kwa ndugu yangu wa damu, Rubeni. Akanitumia picha ya nyumba imeezekwa inang'aa. Ilikuwa nyumba ya mtu mwingine. Nikampigia mama, mama akasema mabati yamefika, tumeshukuru. Alimfichia ili ukoo usigombane. Mama yangu hasemi ubaya wa mtu. Akiniambia kitu kimefika, mimi sijui kama kimefika. Nataka kumwona kwa macho yangu."

Imelda akamjibu kwamba atamwona.

Walitoka Tunduma asubuhi, wakashika lami ya Mpemba kwenda Isongole, kisha wakaiacha na kuanza kupanda njia ya udongo. Migomba ilining'inia juu ya makorongo, na kwenye miteremko kahawa ilikuwa imebeba punje bado za kijani. Nyumba ya Mama Aliko ilikuwa ya matofali ya kuchoma, paa la bati kuukuu, ua umefagiwa ukaacha michirizi. Imelda alishika simu, akaanza kurekodi tangu uani, kama ilivyo desturi yake.

Mama Aliko, jina lake Enesi, alitokea ndani mkono wake ukiwa umegusa ukuta. Aliufuata ukuta mpaka mwisho, akatanguliza mguu kutafuta kigoda, akakikosa, akakitafuta tena. Imelda alimwamkia. Mama akaitikia marahaba huku akielekeza uso pembeni kidogo, pale ambapo Imelda hakuwepo. Macho yake yalikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda.

"Unapiga picha, mwanangu?" aliuliza ghafla.

"Ndiyo, mama. Ni za Aliko, aone kwamba umepokea."

Mama akaketi taratibu. Mkwe wake Felista, mjane wa kaka yake Aliko, ambaye ndiye aliyekuwa akimtunza mama, aliinamisha kichwa. Kisha mama akaeleza. Macho yalianza kufifia miaka kadhaa nyuma, likatangulia moja, likafuata la pili. Mwanawe hakujua, maana huongea naye kwa simu ndogo ya Felista isiyoonyesha sura. Hakutaka ajue. Aliko alikuwa amekaribia kupata kibali cha kudumu, na mama alimjua mwanawe: akisikia mama ni kipofu ataacha kila kitu na kupanda ndege, na huko nyuma mlango ufungwe.

"Nimemzaa, siwezi kuwa jiwe la kumkwaza," alisema. "Usimpelekee macho yangu. Niahidi."

Imelda akaahidi. Wakaingia ndani, akaanza video nyingine, ya mikono tu: mikono mikavu yenye mishipa, ikipapasa godoro kutoka pembe hii mpaka pembe ile, ikilikunja blanketi na kulikunjua, huku sauti ya mama ikisema amepokea na kumtakia mwanawe baraka. Akachukua na dole gumba kwenye hati. Njiani kurudi alijua kwamba kazi yake ya siku hiyo ina tundu, lakini alijipa moyo kwamba sauti ya mama haitamdanganya mtoto.

Aliko hakupokea hivyo. Alituma ujumbe mfupi, kila neno likiwa limepoa. Mlango uko wapi? Nyumba iko wapi? Mbona umeanzia ndani? Mbona sura hakuna? Imelda akajibu kwamba mzigo umefika na kwamba mama hakupenda kupigwa picha siku hiyo. Hapo akawa amejichongea mwenyewe. Aliko aliisikia sauti ileile ya enzi za Rubeni, mama akishukuru kwa kitu ambacho hakipo.

Kulikuwa na kundi la WhatsApp la wana-Ileje walioko ng'ambo, na humo ndimo wateja wengi wa Imelda walimopatia namba yake. Aliko akaandika humo. Hakutukana. Alisema tu kwamba aliahidiwa kumwona mama yake, akaonyeshwa mikono, na kwamba kila mtu afungue macho. Habari zilisambaa kama moto wa nyika. Nesi mmoja aliyekuwa ameagiza jiko akaomba kungoja kwanza. Binti wa Oman akauliza kwa aibu kama zile picha za mwezi uliopita zilikuwa za kweli. Siku chache zikapita bila oda hata moja, magodoro yakabaki yamesimama ukutani.

Bashiri alikuja dukani, akaketi juu ya gunia la mchele, akaongea kwa upole kama kawaida yake.

"Dada Imelda, ile video ya kwanza si unayo kwenye simu?"

"Ninayo."

"Nyumba inaonekana, mama anaonekana, mimi mwenyewe nimebeba godoro kichwani. Mtumie mtu wako, yaishe. Hujaiba, kwa nini uonekane mwizi?"

Imelda aliitazama video ile zaidi ya mara moja. Ilikuwa ushahidi kamili, haina doa. Kubonyeza mara moja tu, na kundi zima lingemwomba radhi. Lakini kila ilipofika pale mkono wa mama unapotafuta kigoda, aliizima. Alimkumbuka mama yake mwenyewe, mwaka wa ukame, mahindi yamekauka shambani na watoto wanakunywa uji mara moja kwa siku. Nikodemo alifika na furushi, akauliza neno la kupeleka Kitwe. Mama alimtazama, akasema, "Mwambie tunacheka." Nikodemo aliona vyungu vitupu, aliona kila kitu. Akaenda akamwambia Yesaya kwamba nyumbani wanacheka. Baba alikuja kuujua ukweli baadaye, kutoka kinywani mwa mama, siku aliyochagua mama.

Imelda alimwambia Bashiri, "Aliyekataza ndiye atakayeruhusu. Twende Ikinga."

Bashiri alishusha pumzi, akatafuta funguo.

Walimkuta mama akichambua maharage kwenye ungo, vidole vikiona kile macho yasichokiona. Kila harage bovu lilidondoka pembeni bila kukosea. Imelda aliketi karibu naye, akamweleza yote bila kumlaumu: maneno ya Aliko, kundi, wateja waliosita. Akasema kwamba hakuja kumlazimisha. Kama mama atasema hapana, itabaki hapana, naye atatafuta wateja wengine pole kwa pole. Alitaka tu mama ajue, kwa sababu jambo lilikuwa lake.

Mama aliendelea kuchambua. Felista ndiye aliyetangulia kunena. Alisema kwa sauti ya chini kwamba na yeye amechoka kusema uongo kwa shemeji yake kila Jumapili.

"Mabati nilisema yamefika," mama alisema hatimaye, kama anayejisemea. "Nilidhani naficha ubaya wa Rubeni. Kumbe nilimfundisha mwanangu kutoniamini." Akauweka ungo chini. "Mpigie. Nitasema naye mimi."

Mtandao ulipatikana juu kidogo, karibu na kanisa, palipokuwa na jiwe pana la kukalia. Wakamshika mama mkono huku na huku, wakapanda naye. Imelda akapiga simu ya sauti tu, si ya picha, akaiweka mkononi mwa mama. Ilikuwa siku ya mapumziko ya Aliko. Alipokea haraka, akidhani ni Imelda, na sauti yake ilikuwa kavu mpaka aliposikia nani anaongea.

"Mama? Uko wapi? Nani amekuambia useme?"

"Hakuna aliyeniambia. Godoro nalilalia. Blanketi najifunika. Taa Felista anaiwasha."

"Mama, na mabati ulisema hivyohivyo. Kwa nini hukutaka nikuone?"

Upepo ulipita kwenye mikaratusi. Mama alielekeza uso kule simu ilikokuwa, kana kwamba mwanawe alikuwa ndani yake.

"Unalia kwamba hukuniona," alisema. "Mimi je, Aliko? Wewe leo wakikuonyesha utaniona. Mimi hata ukija ukasimama hapa, mbele yangu, sitakuona. Macho yamekwenda, baba. Yamekwenda siku nyingi. Mwanamke huyu alinipiga picha akaniona hivi nilivyo, nikamwomba asikupelekee, akakubali kuitwa mwizi."

Wote walisikia pumzi ya Aliko, ikija kwa kukatika. Imelda aligeuka akatazama bondeni, ambako mto Songwe ulipita na milima ya Malawi ikasimama upande wa pili, ya buluu.

Mama akamwacha mwanawe alie. Hakumbembeleza. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mama anayesimulia jikoni, akamuuliza kama anaikumbuka ile siku waliyotoka gulioni ng'ambo, mto ukajaa wakashindwa kuvuka.

"Nakumbuka," Aliko alisema.

"Tulilala wapi?"

"Kwa yule bibi Mlambya. Alitupa viazi. Ukanivua shati lililolowa ukanifunga kitenge chako, nikakataa kwa sababu kilikuwa na maua."

Mama alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha msichana. "Ulikuwa mbishi. Ulilia mpaka bibi akaja na koti la mumewe."

"Lilifika chini ya magoti."

"Lilikuwa linaburuza kabisa. Sema kweli."

Wakaendelea hivyo, mama na mwana, wakivuka mto ule na kurudi, wakiwataja watu waliokwisha kufa kama walioachana nao jana. Imelda na Felista waliketi pembeni kwenye majani. Bashiri alikuwa amevua kofia. Hakuna aliyetaka kifurushi cha simu kiishe, na Imelda alikiongeza kimyakimya kutoka kwenye simu yake nyingine.

Kabla ya kukata, mama alisema Aliko apelekewe video. Imelda akaituma ile ya kwanza, nzima, kama ilivyokuwa: ua, ukuta, mkono, kigoda, macho. Aliko aliitazama, akaandika kwenye kundi kwamba alikosea, kwamba mzigo ulifika, na kwamba sababu ya kutoona sura ilikuwa ya mama yake na si ya muuzaji. Hakueleza zaidi, na Imelda alimheshimu kwa hilo. Nesi wa jiko alikuwa wa kwanza kurudi. Binti wa Oman aliagiza mablanketi.

Hata hivyo Aliko hakupanda ndege. Mama alimkataza kwa ukali ambao hakuna aliyejua anao, akamwambia amalize alichokianza. Alichofanya ni kuuliza kama Imelda anaweza kufikisha kitu kisicho mzigo: mama mwenyewe, hospitalini. Macho ya mama yalikuwa na mtoto wa jicho, na mganga wa zahanati alikuwa amesema zamani kwamba yanapasulika, ila mama alikaa na siri yake na safari ya Mbeya ikawa ndefu kuliko milima. Basi Bashiri akawabeba mama na Felista mpaka hospitali. Imelda alituma kila hatua kama alivyozoea: gari likiondoka, stakabadhi, karatasi ya daktari, mama amelala na bandeji, mama anakula. Safari hii kabla ya kila picha mama aliulizwa, na kila mara alijibu, "Piga, aone."

Walipasua jicho moja kwanza. Bandeji ilipoondolewa aliona ukungu, kisha sura ya Felista, akashangaa jinsi mkwe wake alivyokonda. Baada ya majuma kadhaa, mama akiwa nyumbani Ikinga, Imelda alifika akampandisha tena kwenye lile jiwe la kanisani, akapiga simu ya picha.

Sura ya Aliko ilitokea. Mama aliisogeza simu, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Kijana aliyemsindikiza mpaka barabarani siku ya kuondoka alikuwa hayupo. Palikuwa na mwanamume mwenye mvi juu ya masikio na mikunjo ya marehemu baba yake kando ya mdomo.

"Umefanana naye," alisema taratibu. "Zungusha simu. Nione unapolala."

Aliko alisita, akasema hakuna cha kuona. Mama akarudia. Basi akazungusha. Kilikuwa chumba kimoja chembamba, kitanda cha mtu mmoja, jaketi la kazini msumarini, sahani moja na kikombe kimoja vimegeuzwa kando ya sinki, na dirisha ambalo mvua ilikuwa ikiteremka juu yake. Mama alitazama kila kitu, kama alivyokuwa akikagua chumba chake zamani kabla ya wageni kuja. Godoro lilikuwa jembamba kuliko lile aliloletewa.

Walipokwisha kuagana alibaki ameishika simu iliyozimika. Kisha akamgeukia Imelda.

"Mwanangu, wewe unapokea mizigo ya kwenda huko?"

Imelda alikiri kwamba hajawahi kupeleka mzigo upande huo. Mara zote vitu vilikuwa vikija huku. Lakini kahawa iliyokaangwa na kusagwa ikafungwa vizuri, alisema, haikatazwi, na yule nesi wa jiko alikuwa nyumbani kwa likizo na angerudi Uingereza baada ya mavuno. Angemwuliza.

"Mwulize," mama alisema. "Na akifika amkute mwenyewe. Asimwachie jirani."

Akasimama bila kushikwa mkono, akateremka kuelekea shambani. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva, nyekundu hapa, kijani pale. Alipita mti hadi mti, akiinama karibu kabisa na matawi, akichagua.